Mwendo mara mbili, breki mara nne: piga hesabu ya gari lako kabla ya kushuka Kigoma

Mtu aliyekulia Kigoma hahitaji kuambiwa kwamba chini ya mchikichi hapasimamwi wakati mkwezi yuko juu na panga lake. Mkungu wa chikichi ukiachia unashuka kimya, na ukifika chini unapiga kishindo unachokisikia hadi kwenye nyayo. Nafundisha udereva hapa mjini, na kabla ya hapo niliendesha Haisi kwa miaka mingi. Katika vifaa vyote nilivyowahi kubeba darasani, sijapata kinachoeleza breki za gari vizuri kama mkungu huo.

Mkungu ukiangushwa kutoka mita 2.5, usawa wa dari la nyumba hivi, unafika chini ukiwa na mwendo wa kilomita 25 kwa saa. Sasa nataka ufike chini na mwendo wa 50, mara mbili yake. Nikiuliza darasani, wengi wanasema niupandishe hadi mita 5. Lakini mita 5 zinaupa mkungu kilomita 36 tu. Kuipata 50 lazima nipande hadi mita 10, yaani mara nne ya pale nilipoanzia. Na nikitaka 100, natakiwa kwenda mita 40, na mchikichi wa mita 40 haupo.

Sababu yake inafuatilika kwa vidole. Dunia inauvuta mkungu kwa nguvu ileile muda wote, hivyo mwendo wake unaongezeka kiasi kilekile kila sekunde. Ili upate mwendo mara mbili, lazima uanguke kwa sekunde mara mbili. Na katika sekunde hizo, wastani wa mwendo wake nao ni mara mbili. Muda mara mbili, mwendo wa wastani mara mbili: umbali unakuwa mara nne.

Kufunga breki ni sinema hiyohiyo ikirudishwa nyuma. Matairi yanaisukuma lami, lami inalirudisha gari nyuma kwa nguvu ambayo haibadiliki sana, na mwendo unapungua kiasi kilekile kila sekunde. Gari lililokuwa na mwendo mara mbili linachukua muda mara mbili kusimama, na muda huo wote linakwenda kwa wastani wa mara mbili. Breki lazima zichukue nishati yote ya mwendo ndipo gari lisimame, na wanafizikia wanaiandika nishati hiyo hivi:

```
E = ½ × m × v²
```

E ni nishati ya mwendo kwa jouli, m ni kilo za gari na vyote vilivyomo, v ni mwendo kwa mita kila sekunde. Ile 2 ndogo juu ya v ndiyo mambo yote ya makala haya.

Hatua ya kwanza: pata kilo na mwendo

Uzito wa gari tupu umeandikwa kwenye kadi ya gari. Ongeza abiria, na kwa mtu mmoja mzima weka kilo 65. Halafu ongeza mizigo bila kujidanganya. Haisi yangu tuseme ina kilo 1,800 ikiwa tupu, na watu 15 pamoja na dereva wanaleta karibu 1,000. Jumla 2,800, na namba hiyo ndiyo nitakayoitumia hadi mwisho.

Mwendo wa kwenye dashibodi ni kilomita kwa saa, na fomula inataka mita kwa sekunde. Gawanya kwa 3.6, basi. Kilomita 40 kwa saa ni mita 11.1 kwa sekunde, na 80 ni mita 22.2. Wanafunzi wengi wanaharibu hesabu hapa: wanaingiza 80 moja kwa moja kwenye fomula na kupata nishati inayozidi ya kweli karibu mara 13. Jibu lako likionekana kubwa kupita kiasi, rudi uangalie kama uligawanya.

Hatua ya pili: piga hesabu

Kwa 40: zidisha 11.1 kwa 11.1, unapata 123. Nusu ya kilo 2,800 ni 1,400. Zidisha 1,400 kwa 123, nayo ni jouli 172,000 na kidogo.

Kwa 80: 22.2 mara 22.2 ni 493. Zidisha kwa 1,400, inakuja jouli 690,000.

Jouli hazishikiki, kwa hiyo tuzigeuze kuwa chai. Lita moja ya maji ya kawaida inahitaji kama jouli 314,000 ili ianze kuchemka. Haisi inayosimama kutoka 40 imetoa joto la kuchemsha kama nusu lita, vikombe viwili. Haisi hiyohiyo ikisimama kutoka 80 imetoa joto la kuchemsha zaidi ya lita 2, birika zima la familia. Joto hilo karibu lote linakwenda kwenye vipande vichache vya chuma vilivyojificha nyuma ya rimu, tena ndani ya sekunde nne au tano.

Kijana mmoja wa Gungu niliyekuwa namfundisha alikaa kimya mbele ya daftari lake, kisha akasema, "Mwalimu, kumbe breki haiondoi mwendo, inaugeuza." Ndivyo. Nishati haipotei. Breki ni jiko.

Usidhani mambo haya yanaanzia kwenye mara mbili kamili. Mwanafunzi akipita kibao cha 50 akiwa na 60 huniambia amezidisha kumi tu. Nishati yake imepanda kwa asilimia 44. Akiwa na 70, mwendo umeongezeka kwa asilimia 40 lakini nishati imekuwa karibu maradufu.

Mizigo nayo inahesabika, ila yenyewe haina ule mraba. Tuseme abiria wangu wamepakia madumu 20 ya mawese, ya lita 20 kila moja, kilo 18 hivi kwa dumu. Hizo ni kilo 360, na nishati imepanda kwa asilimia 13. Sasa yashushe madumu yote, ubaki na abiria peke yao, halafu utoke 80 uende 85. Nishati imepanda kwa asilimia 13 ileile. Kilomita 5 za mwendo zimefanya kazi ya madumu 20, na bado kila dereva hulalamikia mzigo kabla ya kulalamikia mguu wake.

Hatua ya tatu: geuza nishati kuwa mita

Unahitaji kujua breki na matairi yako yanapunguza mwendo kwa kiasi gani kila sekunde. Kwenye lami kavu, Haisi iliyojaa na yenye matairi mazuri, nahesabu mita 5 kwa sekunde zinazoondoka kila sekunde. Gari dogo jipya linafanya vizuri zaidi ya hapo. Kwenye changarawe yenye vumbi nashusha hadi 3.

```
umbali = v² ÷ (2 × a)
```

Hapo a ndiyo ile 5 au 3. Kwa 40 kwenye lami kavu: 123 gawanya kwa 10, mita 12. Kwa 80: 493 gawanya kwa 10, mita 49. Kwenye changarawe zinakuwa mita 21 na mita 82. Barabara imebadilika, mita zimebadilika, ila mara nne imebaki palepale.

Kama huamini, na mimi ningependa usiamini hadi uone, nenda uwanja wa mpira na baiskeli. Sisi tulifanya kwenye uwanja wa vumbi upande wa Ujiji. Chora mstari wa majivu. Mpanda baiskeli afunge simu yenye kipima mwendo kwenye usukani, aje na kilomita 10 kwa saa, na gurudumu la mbele likigusa majivu abane breki. Mwenzake aweke jiwe pale gurudumu hilo liliposimama. Rudia mara tatu, kisha mara tatu tena kwa 20. Mawe yetu ya kwanza yalikaa karibu na mita 1 na robo kutoka kwenye mstari. Ya pili yalikuwa mita 5 na vidole kadhaa. Watoto waliokuwa wakitazama walidhani mpanda baiskeli alichelewa kubana, wakamtaka arudie, naye akarudia, na jiwe likakaa palepale karibu na mita 5.

Jaribio hili linaharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni gurudumu kukwama na kuburura: ukiona mfereji kwenye vumbi, futa kipimo hicho, kwa sababu nguvu ya breki haikuwa sawa na ya mara nyingine. Ya pili ni mpanda baiskeli kuogopa mwendo na kubana kabla ya mstari. Weka mtu wa kuutazama mstari tu.

Hatua ya nne: ongeza mita za mshtuko

Hizo mita 12 na 49 zinaanza kuhesabiwa baada ya mguu kufika kwenye breki. Kabla ya hapo macho yanaona, akili inaamua, mguu unahama. Hesabu sekunde moja, na hiyo ni kwa dereva aliye macho na asiyeshika simu. Kwa 40 gari limeshakula mita 11 katika sekunde hiyo, kwa 80 limekula 22. Sehemu hii inakua mara mbili tu, siyo mara nne, kwa hiyo jumla ni mita 23 kwa 40 na mita 71 kwa 80. Mtu akikuambia umbali wote wa kusimama unakuwa mara nne, msahihishe: mara nne ni ya breki.

Sasa weka mbuzi barabarani, mita 24 mbele yako. Mwenye 40 anasimama, mbuzi anamtazama, safari inaendelea. Mwenye 80 anafikisha mguu kwenye breki akiwa amebakiza chini ya mita 2. Akifika alipo mbuzi, gari lake bado lina kilomita 78 kwa saa. Hajagonga na 40, tofauti ya miendo yao. Amegonga na karibu 80 yote.

Upande mwingine wa jambo hili huwashtua hata madereva wazoefu. Ukifunga breki kutoka 80, nusu ya kwanza ya umbali inaondoa nusu ya nishati, lakini mwendo hauwi 40. Baada ya mita 25 kati ya zile 49, bado una kilomita 56 kwa saa. Nusu kubwa ya mwendo wako inaondoka katika mita za mwishoni kabisa. Ndiyo maana dereva aliyekosa mita 5 tu za kusimamia hagongi polepole: kwa hesabu yetu ya 5, mita 5 zilizobaki ni kugonga na kilomita 25 kwa saa. Ni ule mkungu kutoka darini.

Hatua ya tano: mteremko, ambako hesabu inageuka

Kwenye tambarare unalipa nishati mara moja unaposimama. Kwenye mteremko unalipa kila mita unayoshuka, hata kama mshale wa dashibodi umetulia. Rudi kwa mkungu: kushuka mita 10 ni sawa na mwendo wa 50, na kushuka mita 25 ni sawa na mwendo wa 80. Kwa hiyo kila mita 25 za kushuka kwenda chini, siyo za urefu wa barabara, zinampa dereva kazi ya kusimama kamili kutoka 80. Uzito hauna habari hapa, iwe bajaji au Fuso.

Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, na Kasulu iko zaidi ya mita 1,200. Ukija mjini kutoka huko, mahali fulani njiani lazima uziache mita 430 na zaidi, ambazo ni kama kusimama kutoka 80 mara 17. Sehemu kubwa inachukuliwa na upepo na matairi kwa sababu njia ni ndefu na ina mapumziko. Lakini kwenye mteremko mmoja mkali wa mita 100, ukishuka na nyutro na mguu kwenye breki, karibu nishati yote inakwenda kwenye diski na dramu.

Tukadirie. Breki za mbele zinabeba kama asilimia 70 ya kazi, na tuseme kila diski ya mbele ina kilo 8. Kusimama mara moja kutoka 40 kunaipandisha diski nyuzi 16. Kutoka 80, nyuzi 65. Mita 100 za mteremko ni kusimama kutoka 80 mara nne, kwa hiyo nyuzi 260 juu ya joto la mchana, kama hakuna kinachopoa. Upepo unapooza kidogo, basi halisi itakuwa chini ya hapo. Ila ukiunganisha miteremko miwili bila kupumzika, uko kwenye joto ambalo pedi nyingi za kawaida zinaanza kupoteza mshiko.

Hapo breki zinaweza kukuacha kwa namna mbili, na mguu wako unaweza kuzitofautisha. Kama pedali ni ngumu, imesimama mahali pake, ila gari haliitikii na kuna harufu kali ya kuungua, pedi zimechemka. Zikipoa zinarudi. Kama pedali inazama na kuwa laini kama unakanyaga sponji, yaliyochemka ni mafuta ya breki. Mafuta hayo yanavuta unyevu kutoka hewani, na Kigoma kuanzia Novemba hadi Aprili unyevu haukosekani. Mafuta mapya ya DOT 3 yanachemka kuanzia nyuzi 205. Yakishavuta maji, kiwango chake cha chini kinashuka hadi 140. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanwa, tofauti na mafuta. Mguu wako unaubana mvuke huo, na pedi hazisogei.

Mimi ilinikuta ya pili, nikishuka kutoka upande wa Manyovu na gari lililojaa. Pedali ilianza kuzama kona moja baada ya nyingine, taratibu kiasi kwamba nilidhani ni uchovu wa mguu. Kona ya tatu ikagusa sakafu. Nilipampu haraka haraka ikanipa kidogo, nikaingiza gia ya pili, injini ikapiga kelele, abiria wakanyamaza wote kwa pamoja. Kijilima kilichokuwa mbele ndicho kilichonisimamisha. Fundi aliyekuwa akinihudumia alikuwa anaongezea mafuta tu kila yalipopungua. Ya zamani hayakuwahi kutolewa, nami sikuwahi kumuuliza.

Tangu siku hiyo nashuka hivi, na ndivyo ninavyofundisha. Gia inachaguliwa juu, kabla mteremko haujaanza, na iwe ileile ambayo ungeitumia kuupanda mlima huo, au ya chini yake. Ukisubiri hadi katikati, mwendo umeshazidi na gia inaweza kukataa kuingia, ukabaki bila gia kabisa. Injini ikiwa kwenye gia inameza sehemu kubwa ya nishati na kuitoa kupitia rejeta na ekzosi, vitu vilivyotengenezwa kwa ajili ya joto. Nyutro inaipa breki kazi yote. Hakuna mafuta unayookoa hapo: injini nyingi za siku hizi zinakata mafuta zenyewe ukiwa kwenye gia na umeachia pedali.

Kisha chagua mwendo, tuseme 40. Mshale ukifika hapo, kanyaga sawasawa hadi 30, uachie kabisa. Ukifika 40 tena, rudia. Usiweke mguu juu ya breki kilomita nzima kwa kuigusagusa, maana diski haipati nafasi ya kupigwa na upepo. Na kushuka na 40 badala ya 80 kunakusaidia mara mbili. Ile nishati ya kusimama ghafla, kama kuna mbuzi, ni robo. Na joto la mteremko mzima linatoka kwa muda mara mbili, hivyo chuma kinapata muda wa kupoa.

Ukifika chini, kwa mfano Mwandiga, usisimame ghafla na kuacha mguu kwenye breki. Tembea taratibu dakika chache upepo upite. Halafu simama, peleka mgongo wa mkono karibu na kila rimu bila kugusa. Magurudumu mawili ya mbele yanatakiwa yakupe joto linalolingana. Moja likiwa kali kuliko jingine, breki ya upande huo imeng'ang'ania, au ya upande wa pili haifanyi kazi na mwenzake anabeba mzigo wa wawili. Usimwagie maji, diski ya moto ikipigwa na maji baridi inajikunja au inapasuka. Na ukienda kwa fundi, mwambie atoe mafuta yote ya breki na kuweka mapya kutoka kwenye chupa iliyofunguliwa mbele yako. Chupa iliyokaa wazi rafuni tangu masika imeshavuta maji yake.